Maagizo yaliyochelewa

Lorrie Moore wa Amerika aliandika hadithi ya namna ya kuongea na mama yako. Iko ndani ya kitabu chake cha 1985. Imejaa maagizo: fanya hivi, fanya vile. Ila miaka inarudi nyuma, toka 1982 mpaka 1939.

Mwanzoni binti anaongea na frigo yenye kuyeyusha barafu. Unacheka kidogo. Kisha inafika 1978: mama anazikwa, na hata maziko ni agizo tu, sawa na lile la frigo. Pale ndipo nilielewa juu ya nini alikuwa anaongea na frigo.

Mi naona nguvu yote iko kwenye ile amri. Amri haitaji mwenye kutenda, basi binti hana lazima ya kusema «mimi nililia». Tena, agizo ni la kazi ya kesho, lakini hapa kila mwaka umekwisha kupita. Kila ugomvi wao tunausoma kaburi tukishaliona, na hakuna agizo lenye kuweza kuutengeneza.

Karibu na mwisho, mtoto mchanga anashika nywele za mama yake.