Tafsiri, jibu, hukumu: Nomino inapogeuka kitenzi bila kiambishi

Mwalimu mmoja wa sekondari alinitumia picha ya swali la mtihani wa katikati ya muhula pamoja na majibu ya mwanafunzi wake wa kidato cha tatu. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: unda vitenzi kutokana na nomino taifa, tafsiri, jibu na hukumu. Kijana aliandika taifisha, tafsiri, jibu, hukumu. Alipata alama moja kati ya nne. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka taifisha, tafsiria, jibia na hukumia, na pembeni mwa karatasi palikuwa na maneno ya kalamu nyekundu: “Umerudia nomino zilezile!” Mwalimu akaniuliza, “Prof, huyu kijana amekosa kweli?”

Jibu langu ni kwamba mwongozo ndio uliokosa, na ulikosa kwa sababu unaamini jambo ambalo nimelikuta madarasani kwa miaka mingi: kwamba neno haliwezi kuhama kutoka aina moja hadi nyingine bila kuongezwa kitu kinachoonekana. Eti kama hakuna kiambishi, basi hakuna neno jipya. Kwa imani hiyo, mtunzi wa mwongozo alitafuta kiambishi chochote cha kubandika, akaangukia kauli ya kutendea. Lakini tafsiria si kitenzi kinachotokana na nomino tafsiri. Ni kitenzi kinachotokana na kitenzi tafsiri, yaani kutafsiri kwa ajili ya mtu. Mwongozo umeruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo iliyoulizwa.

Wanaisimu wana jina la hatua hiyo. Mwingereza Henry Sweet aliieleza katika sarufi ya lugha yake mwishoni mwa karne ya 19, na katika karne ya 20 Hans Marchand akaipa nafasi kubwa katika utafiti wake wa uundaji wa maneno ya Kiingereza. Sisi tunaweza kuiita unyambulishaji kapa, kwa kuwa msamiati wa mofu kapa tunao tayari. Neno linabaki na umbo lake lakini linabadilisha kazi. Mwingereza huchukua jina la nyundo, la chupa au la maji, akalifanya kitenzi vilevile lilivyo, wala hashtuki. Mswahili hafanyi hivyo. Hakuna anayesema “alinyundo msumari”. Atasema alipiga nyundo, alitia chumvi, alipiga pasi, alipiga mswaki. Kitenzi piga kimekuwa punda wetu wa kubeba nomino zisizoweza kutembea zenyewe.

Kwa nini haziwezi? Kitenzi chenye asili ya Kibantu hakikamiliki bila irabu ya mwisho, na irabu hiyo ina kazi. Nasoma, sisomi, nisome: mzizi ni uleule som-, na a, i na e ndizo zinazotuambia kama tunakubali, tunakana au tunataka. Nomino kama nyundo haina pengo la kuingiza irabu hizo. Ukitaka kuifanya kitenzi, ungelazimika kuivunja kwanza. Ndiyo maana katika maneno yetu ya Kibantu, nomino na kitenzi vya mzizi mmoja karibu kila mara hutofautiana machoni: wazo na waza, pigo na piga, ndoto na ota.

Vitenzi vingi vilivyotoka Kiarabu vina irabu zao za mwisho, na irabu hizo hazibadiliki. Hebu jaribu: natafsiri, sitafsiri, nitafsiri. Hakuna i ya ukanushi inayochukua nafasi ya a, wala hakuna e ya dhamira tegemezi. Hapa ndipo mlango ulipo. Kwa kuwa vitenzi vya namna hii havidai irabu maalumu, nomino inaweza kuingia kundini mwao bila kuguswa.

Lakini kufanana kwa nomino na kitenzi hakutoshi kutuambia ni nani aliyemzaa mwenzake. Hapo inabidi turudi kwenye lugha ya asili tuchunguze lile umbo tulilokopa lilikuwa umbo gani.

Tuanze na tafsiri. Katika Kiarabu, kitenzi cha kufafanua kina umbo fasir kinapokuwa cha kuamuru, na jina la kitendo hicho ni tafsir. Kiswahili kilivichukua vyote viwili. Kutoka kwa kitenzi tukapata kufasiri, ambacho bado kimo, na ndicho kilichotupa mfasiri. Kutoka kwa jina tukapata tafsiri, neno ambalo kila Muislamu wa pwani analijua kwa darasa za tafsiri ya Kurani. Sasa angalia ile silabi ta- mwanzoni. Katika Kiarabu hiyo ni alama ya jina la kitendo, wala haimo katika kitenzi chenyewe. Kwa hiyo tunaposema kutafsiri, tunanyambua umbo ambalo lilikuwa nomino. Hiki ndicho kitenzi kilichotokana na nomino bila kuongezwa kitu. Tena kimekomaa: kinasema tafsiriwa, tafsirika, tafsiria, na kimeshazaa mtendaji wake, mtafsiri, anayeshindana na mfasiri kwenye majalada ya vitabu.

Kuna mwenye kudai kwamba pengine wasemaji wa kale walilichukua umbo hilo moja kwa moja kama kitenzi, bila kulipitisha katika unomino. Sina ugomvi mkubwa naye. Hata ikiwa hivyo, kilichoingia mlangoni ni jina la Kiarabu, na ndani ya Kiswahili likafanya kazi ya kitenzi bila kiambishi.

Wala tafsiri haiko peke yake. Tuna kuarifu, kitenzi chenye umbo la kitenzi cha Kiarabu. Kando yake tuna kutaarifu, chenye ile ta- ya jina, na maana zao zinakaribiana mno hata wahariri hupokezana nazo. Kwa upande mwingine tuna sanifu na tasnifu. Kusanifu ni kitenzi, tasnifu ni nomino, na mpaka leo sijasikia mwanafunzi wangu wa uzamifu akisema “ninatasnifu”. (Ingawa wapo ambao, kwa muda waliotumia, wangestahili kitenzi chao wenyewe.) Shawishi na tashwishi nazo zimebaki kila moja upande wake. Mlango uko wazi, lakini si kila nomino iliyojiandaa kuupita.

Jibu ni kisa kingine kabisa, na hapa ndipo wengi hujikwaa wakilitaja kuwa mfano wa nomino iliyogeuka kitenzi. Kwa Kiarabu, jina ni jawab, nalo tumelikopa na kulifanya jawabu. Kitenzi, “anajibu”, ni yujibu. Umbo jib basi ni la kitenzi. Tulilichukua kama kitenzi, kujibu, kisha sisi wenyewe tukaligeuza nomino na kulitia katika ngeli ya LI-YA: jibu hili, majibu haya. Wingi wake wenyewe unathibitisha kwamba ji- si kiambishi cha ngeli, maana jicho huwa macho na jino huwa meno, ilhali jibu halijawa “mabu”. Katika neno hili safari imekwenda kinyume, kutoka kitenzi hadi nomino, lakini nayo haikuacha alama yoyote kwenye shina.

Na hukumu? Hapa nashauri tusilazimishe. Jina la Kiarabu ni hukm. Ukilipa irabu za kulainisha konsonanti zilizobanana, unapata hukumu. Kitenzi ni yahkumu. Ukiondoa kiambishi cha nafsi na kulainisha vivyo hivyo, unapata hukumu tena. Njia mbili zimefika kwenye mlango mmoja. Umbo halituambii kama mmoja alimzaa mwenzake au wote wawili ni wageni waliofika kila mmoja kivyake, na mwanasarufi anayedai kuona unyambulishaji hapo ana kazi ya kutuonyesha ushahidi wake.

Kuna pingamizi moja ambalo wanafunzi hulileta kila mwaka: “Lakini Prof, ku- si kiambishi?” Ni kiambishi, ndiyo, ila hakitengenezi kitenzi. Ku- ya kutafsiri ni ileile ya kusoma na kulima, na hakuna anayesema soma kimekuwa kitenzi kwa sababu ya ku-. Tena mtu anapoamrisha, “Tafsiri sentensi hizi,” ku- haipo, wala kiambishi cha nafsi hakipo, na kitenzi kipo palepale. Viambishi hivyo huvaliwa na neno likiwa limeshakuwa kitenzi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni hili: kama hakuna kinachoonekana, tunajuaje kwamba kuna unyambulishaji? Si tutaanza kuona mofu kapa kila kona? Kipimo ninachokikubali ni kuangalia kama ipo kazi ileile inayofanywa kwingineko na kiambishi kinachoonekana. Katika Kiswahili ipo. Taifa huwa taifisha, bahati huwa bahatika, taabu huwa taabika. Nomino hizi zimehamia uwanja wa vitenzi kwa kuvaa -ish- au -ik-. Tafsiri imehamia uwanja huohuo bila vazi. Kwa kuwa wenzake wamevaa, tuna haki ya kuuona uchi wake.

Ndiyo maana yule kijana alistahili alama zote nne. Swali lilimtaka aunde vitenzi, naye akatoa vitenzi. Historia ya jibu au utata wa hukumu si mambo ya kumhukumia mtoto wa miaka 16. Kama mtahini anaogopa kwamba mwanafunzi atanakili tu orodha bila kuelewa, dawa yake ni rahisi: amwambie atunge sentensi akitumia tafsiri kama kitenzi. Mwenye kuandika “Amina alitafsiri barua ile” amejua, na mwenye kuandika “Tafsiri yake ni nzuri” hajajua. Shuleni tuna desturi ya kuomba neno moja moja kama vile maneno huishi yakiwa yamepangwa foleni, na unyambulishaji kapa ndio unaoumbua desturi hiyo, maana neno likiwa peke yake halina namna ya kutuonyesha kwamba limehama.

Nao mlango wenyewe haujafungwa. Vijana wa Nairobi husema, “Nitakuwatsapu jioni,” na jina la programu ya simu limekuwa kitenzi likiwa na kiambishi cha nafsi, cha wakati na cha mtendwa, shina likiwa halijaguswa. Ukilisikiliza vizuri utaona limekaa upande wa tafsiri, halikukaa upande wa soma: linaishia na u, na u hiyo haibadiliki hata anapokana, “Sikuwatsapu leo, sina bando.”