Hongera, Kinyozi wa Mwembe Tayari

Video yako yaanza na kichwa kilichofura nywele, honi za matatu zikisikika mlangoni. Wapitisha mashine yenye kitana namba 2, chini yake namba 1, kisha shingoni bila kitana. Ufundi wenyewe ni kuufuta mstari unaobaki katikati: wagusa kwa ncha ya mashine, ukisogeza kijiti cha pembeni kidogo kidogo, mpaka weusi ufifie bila alama. Wengi hupandisha juu mno hapo, na nywele zikishakatwa hazirudishwi. Wembe mpya, spiriti (mteja akunja uso!), kioo kisogoni. Kisha ujumbe wa WhatsApp:

“Salaam kaka, Ijumaa kabla ya sala kuna nafasi?”

“Saa nne. Usichelewe.”