Epiki ya maembe: namna ya kuikata iingie sprinti moja

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa maembe huko Matiliku, Makueni, kimeagiza mfumo, na ombi lenyewe ni sentensi moja: mkulima alete maembe, yapimwe, alipwe kwa simu. Hiyo ni epiki. Watengenezaji programu watatu wenye sprinti za wiki mbili hawaimalizi kwa mkupuo, na msimu nao hausubiri. Maembe ya Makueni hushamiri kuanzia Desemba, na baada ya Machi karani wa mizani hana kazi.

Mgawanyo unaokuja upesi ni ule wa kufuata kazi za watengenezaji wenyewe: sprinti ya kwanza hifadhidata, ya pili seva, ya tatu skrini, ya nne malipo. Kila sprinti inafungwa vizuri kwenye ubao, ila siku ya maonyesho karani hana cha kugusa. Kumbe mkulima mmoja huleta Apple, Kent na Ngowe kwenye mkokoteni mmoja! Hilo linagunduliwa wiki ya sita, hifadhidata ikiwa imeshajengwa kwa dhana kwamba mzigo mmoja ni aina moja.

Kata wima. Stori ya kwanza iwe hivi: karani anaingiza namba ya simu ya mkulima na kilo za Apple, na mkulima anapokea SMS ya kilo na pesa anazodai. Imegusa skrini, seva, hifadhidata na SMS, kila kimoja kidogo tu. Bei ni moja, imeandikwa ndani ya programu. Mweka hazina anapewa orodha jioni, analipa kwa simu yake kama alivyozoea. Haipendezi, lakini inaweza kutumika mizani ikifunguliwa Jumatatu.

M-Pesa yenyewe ilikatwa namna hiyo. Majaribio yake ya 2005 yalihusu wakopaji wa Faulu kulipa mikopo yao. Watu wakaonekana wanatumiana pesa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa na mikopo ikawekwa kando.

Stori zinazofuata hukatwa penye kanuni za biashara. Ya pili inaongeza aina nyingine, kila moja na bei yake. Ya tatu ni maembe yaliyokataliwa: karani anaandika kilo zilizorudishwa na sababu, na SMS inazionyesha. Mkulima aliyerudishiwa kreti kwa ajili ya nzi wa matunda atataka kuona hesabu yake, maana ni wadudu haohao waliofanya Kenya isimamishe mauzo ya maembe Ulaya mwaka 2014. Mtu anaweza kushawishika kuongeza madaraja ya ubora papo hapo. Asubiri. Ukiona stori ina “na” mbili au tatu, aghalabu hapo ndipo pa kukata.

Malipo ndiyo nyama ngumu. Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hautoi jibu la mwisho mara moja. Ukituma ombi la kumlipa mtu, unarudishiwa `ResponseCode` ya `0`, ambayo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa tu. Habari ya pesa kufika huja baadaye kwenye `ResultURL`, ikiwa na `ResultCode` yake. Basi stori ya nne ni hii: mweka hazina anamlipa mkulima mmoja kwa kubonyeza kitufe, na jibu la mwisho likiwa `0` deni linaonyesha “limelipwa”. Ya tano inashughulikia majibu ya kukataliwa, mfano namba isiyosajiliwa. Ya sita ni kulipa orodha nzima.

Hapa kuna kitu kimoja kisichokatika. Jibu likichelewa, mweka hazina atabonyeza tena, na mkulima alipwe mara mbili. Timu nyingi zingeiweka kinga ya hilo kwenye stori ya saba, kwa kuwa kitufe kinafanya kazi bila yake. Ni hesabu mbaya. Stori ya nne haijakamilika mpaka deni lililotumiwa ombi lifungwe kwenye hali ya “linasubiri”, kitufe kizimike, na `OriginatorConversationID` ihifadhiwe ili jibu likija lijulikane ni la deni gani. Ikiwa hilo linaifanya stori izidi sprinti, punguza kwingine: ukomo wa shilingi fulani kwa malipo, mtumiaji mmoja tu, bila ripoti. Jibu lisipokuja kabisa, mweka hazina aangalie taarifa ya akaunti ya chama, kisha asipoona malipo afungue deni kwa mkono.

Ripoti ya mwenyekiti ya mavuno ya msimu mzima haimo katika stori hizi zote. Ataihitaji Machi, na kilo zilizoandikwa tangu stori ya kwanza zitakuwa zipo.