Ukurasa Uliojaa Rangi, Mwenyewe Haonekani

Kuna ukurasa wa GitHub ambao kila aliyewahi kutafuta msanidi wa kufanya naye kazi ameshauona, hata kama hakumbuki ulikuwa wa nani. Juu kabisa bango linajiandika herufi kwa herufi. Chini yake zimepangwa beji za rangi, moja kwa kila lugha ya programu iliyotajwa darasani. Zinafuata kadi za takwimu, halafu nyoka anayetambaa akila miraba ya kijani ya kalenda ya michango. Ukishuka hadi kwenye miradi sita iliyobandikwa, unakuta nakala ya repo ya mtu mwingine, zoezi la kozi, kikokotoo, na repo iitwayo `test2` isiyo na hata sentensi moja ya maelezo. Nimesoma kurasa za aina hii nyingi mno, na kila mara najua kwamba nyuma ya mapambo yale yupo mtu mwenye uwezo, ila ukurasa wake mwenyewe umemficha.

Kwa hiyo nilishukuru kupata nafasi ya kukaa kando ya binti mmoja wa Mombasa alipokuwa akiutengeneza wake upya. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakupenda. Alianza kwa kuondoa. Mazoezi ya kozi aliyaacha yalipo, lakini aliyatoa mbele ya macho, na nakala za kazi za watu alizokuwa amezichukua bila kuzigusa alizifuta. GitHub inaruhusu kubandika miradi sita. Yeye alichagua mitatu. Nilipomuuliza kwa nini asijaze nafasi zote, alinijibu, "Mwalimu, ule dhaifu ndio watakaoufungua kwanza." Ni kweli. Msomaji hana njia ya kujua upi unaupenda na upi uliuweka ili kuziba pengo. Kwake yote sita ni kauli yako juu ya kazi yako, na usipobandika chochote, GitHub humwonyesha repo zako zenye kupendwa zaidi, ambazo mara nyingi sizo ulizotaka zikutangulie.

Kadi ya mradi uliobandikwa ni ndogo sana. Hubeba jina la repo, mstari wa maelezo, lugha iliyotumika zaidi, na hesabu ya nyota na nakala. Mstari ule wa maelezo hautoki ndani ya README. Huandikwa mahali pake, kwenye sehemu ya `About`, na wengi hawalijui hilo. Wanaandika README ndefu kisha wanaacha kadi ikiwa bubu. Mradi mkuu wa binti huyu unaitwa `chama-hesabu`, na mstari wake wa zamani ulisema tu kwamba huo ni mradi wa Python, jambo ambalo kadi tayari inalionyesha kwa kitone cha rangi. Aliuandika upya hivi: "Huoanisha taarifa ya pesa za simu na daftari la chama, na kutaja mwanachama ambaye mchango wake haujaonekana." Mhazini yeyote aliyewahi kukesha na daftari na simu mkononi atauelewa mstari huo bila kujua Python ni nini. Msanidi mwenzake naye atajua papo hapo ugumu uko wapi: majina ya kwenye simu hayafanani na ya kwenye daftari, mtu mmoja hulipa kwa namba ya mumewe, na mwingine hulipa michango ya miezi miwili kwa mkupuo.

Kisha tukaingia kwenye README ya mradi wenyewe, na hapo ndipo ufundi ulipoonekana. Iliyokuwepo iliorodhesha zana alizotumia, lakini haikusema programu inaendeshwaje. Aliandika amri zake, akaridhika, kisha akafanya jambo ambalo wachache hulifanya: alifungua folda tupu, akashusha repo yake kama mgeni, akafuata maneno yake mwenyewe bila kuongeza lolote kutoka kichwani. Amri ya nne ikakwama:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'rapidfuzz'
```

Maktaba hiyo, inayolinganisha majina yanayokaribiana, aliisakinisha zamani kwenye kompyuta yake akaisahau. Haikuwemo kwenye `requirements.txt`. Kwake programu ilifanya kazi kila siku, na kwa mtu mwingine yeyote isingefanya kazi hata mara moja. Aliirekebisha, akaifuta folda, akaanza tena. Safari hii programu ilidai faili ya mipangilio ambayo haikuwemo kwenye repo, na kwa sababu nzuri, maana hubeba siri. Akaweka `.env.example` yenye majina ya vitu vinavyohitajika bila thamani zake. Mwisho amri zikawa tano, na zote zilikubali kwa mpangilio huu:

```
python3 -m venv .venv
source .venv/bin/activate
pip install -r requirements.txt
cp .env.example .env
python oanisha.py mfano/juni.csv
```

Chini ya amri hizo aliweka matokeo ambayo mgeni anapaswa kuyaona, mistari michache tu, ili mtu ajue kama amefika au amepotea. Mstari mmoja ulionyesha malipo yaliyooanishwa, mwingine jina lililokaribiana ambalo mhazini anaombwa alithibitishe mwenyewe. Katika mistari hiyo miwili mtu anaona fikra za mwandishi wa programu: kwamba hakuthubutu kuiachia mashine iamue juu ya fedha za watu.

Faili ile ya mfano ilitaka uangalifu wa pekee. Ya kwanza ilikuwa taarifa halisi ya chama cha shangazi yake, yenye majina na namba za simu za akina mama. Kuifuta na kuweka nyingine hakutoshi, kwa sababu Git huhifadhi historia yote, na yeyote anaweza kurudi nyuma akaisoma. Kuna zana ya kuandika historia upya, `git filter-repo`, lakini nakala ambazo watu wamekwisha kuzishusha haizifikii. Repo ile bado ilikuwa ya faragha, basi aliona heri aanze historia mpya, kwa majina ya kubuni, kabla ya kuifungua kwa umma na kuibandika. Mtu akikuta nywila au ufunguo wa huduma mahali kama hapo, hatua ya kwanza ni kuubatilisha ufunguo huo kule ulikotolewa, kisha ndipo asafishe historia.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote aliiita "Mapungufu". Aliandika kwamba programu husoma CSV tu, haisomi PDF. Kwamba haijajaribiwa kwa chama chenye wanachama zaidi ya mia moja. Kwamba malipo yaliyorudishwa bado huhesabiwa kama mchango. Desturi hii ni ya zamani. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, cha mwaka 1971, kilikuwa na kichwa cha `BUGS` chini ya amri zake, na waliotengeneza mfumo ule walitaja pale kasoro za kazi yao wenyewe bila kuona aibu. Ninapofungua README za leo nakuta sehemu ya sifa, sehemu ya picha, sehemu ya kuomba nyota. Ya kasoro imetoweka, na pamoja nayo ule uaminifu uliomfanya mtumiaji aamini mengine yote yaliyoandikwa.

Ukurasa wa wasifu wenyewe aliuacha kwa mwisho, kwani hadi hapo hakuwa na la kusema ndani yake. Njia yake ni nyepesi: unafungua repo ya umma yenye jina lilelile la akaunti yako, unaweka humo `README.md`, nayo hujitokeza juu ya wasifu wako. Aliandika aya mbili. Ya kwanza ilieleza kwamba anaandika programu za hesabu za vikundi vidogo na kwamba kazi yake ya kila siku iko kwenye repo za mwajiri zisizoonekana hapa. Ya pili ilimwelekeza mgeni aanze na mradi upi, na ampate vipi. Kauli ile ya repo zisizoonekana ina uzito. Wasanidi wengi hodari wa Nairobi na Dar es Salaam huandika msimbo wa benki na kampuni za simu ambao hautawekwa wazi kamwe, na kalenda zao za kijani ni tupu. Sentensi moja ya kweli humwondolea msomaji shaka ambayo kadi ya takwimu ingeizidisha.

GitHub ilileta README ya wasifu mwaka 2020. Ilikuwa zawadi kwa wenye la kusema: karatasi nyeupe juu ya kazi zako, uandike utakavyo. Nasikitika kuona jinsi tulivyoipokea. Kadi nyingi za takwimu na mabango yanayojiandika hutoka kwenye seva za watu wengine, na seva hizo zikizidiwa na maombi, ukurasa hubaki na alama za picha zilizovunjika. Namba zenyewe hazisemi kitu; mwaka 2016 GitHub iliondoa kwenye wasifu hesabu ya siku mfululizo za kuchangia, sisi tukairudisha kwa kadi za kuazima. Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, alishauri mwaka 2010 kwamba README iandikwe kabla ya msimbo, ili mtu ajue anajenga nini kabla ya kujenga. Leo kijana huandika README yake ya wasifu kwa kuchagua kiolezo na kubadilisha jina la akaunti, na wapo wanaosahau hata hilo jina, takwimu za mwenye kiolezo zikabaki juu ya ukurasa wao.

Wewe unayesoma haya na una akaunti, usiongeze beji nyingine wiki hii. Fungua wasifu wako katika dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia, uuone kama wanavyouona wengine. Soma mistari ya maelezo ya miradi uliyoibandika, na ule usiokuwa nao uuandikie leo. Kisha ushushe mradi wa kwanza kwenye folda tupu, ufuate amri zako moja baada ya nyingine. Palipokwama, parekebishe kwanza, ndipo umtumie mtu kiungo.