Msomaji wa Barua za Benki

Unyambwa yuko mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye wenye mashine za kukamua alizeti humpelekea barua zao za ovadrafti kabla ya kutia saini. Husoma kwa rula, mstari mmoja baada ya mwingine. Mwenye barua akianza kutazama saa, humwambia, "Mwanangu, walioiandika hawakuwa na haraka."

Ukomo haumchukulii muda. Tarakimu zikilingana na maneno, anasonga mbele. Anapotua ni kwenye tarehe ya mwisho. Nilimkuta na barua ya shilingi milioni 20, riba asilimia 18 kwa mwaka, mwisho tarehe 30 Juni. Akamuuliza mwenye barua swali moja tu: "Juni ghalani kwako huwa na nini?"

Mbegu, bila shaka. Alizeti huanza kuvunwa Mei, na mkamuaji hununua wakati huo bei ikiwa chini, kisha mafuta huuzwa taratibu miezi inayofuata. Tuseme siku hiyo anadaiwa milioni 18, zote zimelala kwenye magunia. Tarehe ikipita bila barua mpya, ukomo unakuwa sifuri, na milioni 18 nzima inahesabika kuwa imezidi. Riba ilitajwa ukurasa wa pili. Adhabu ya asilimia 4 juu yake ilijificha ukurasa wa nne. Kwa siku 30, riba ya kawaida ni kama shilingi 266,000, na adhabu inaongeza 59,000. Hayo yanalipika. Balaa ni kufika kaunta wakulima wakikusubiri na mizani, ukaambiwa huwezi kutoa hata senti. Mzee akamwelekeza mwenye barua aombe tarehe iwe mwisho wa Februari, ghala likiwa jepesi na deni dogo, na hesabu zake azipeleke mapema, Desemba.

Kwenye dhamana alipigia mstari maneno "madeni yote, ya sasa na yajayo". Ukimaliza ovadrafti, hati ya nyumba haitoki kama una deni jingine benki hiyohiyo, hata lile ulilomdhamini shemeji. Na kwa kuwa ni nyumba ya familia, ambayo Sheria ya Ardhi ya 1999 haikubali iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, akataka mke naye aje asomewe, si aletewe tu karatasi ya kusaini jikoni.

Siku hizi barua hufunguliwa kuanzia ukurasa wa mwisho, penye nafasi ya saini. Kijana wa mikopo akisema "ni fomu ya kawaida", mteja anashukuru na kuomba kalamu. Zamani karani alikaa miaka chini ya karani mwenzake akajifunza kutilia shaka kila aya. Mafunzo ya namna hiyo siyaoni tena.

Mzee huyu hana mwanafunzi. Wenye mashine wa Unyambwa, wapelekeni vijana wenu wakae naye mezani angali anaona.