Hadithi Inayokumbuka Ulichochagua

Mwanamume amesimama dukani usiku, kati ya rafu za tambi. Mbele yake kuna pakiti za njoki, yale madonge madogo ya viazi wanayoyapenda Waitaliano. Hatua chache kutoka hapo yuko mwanamke naye anafanya manunuzi. Maelezo yanaishia hapo, na chini yake alama ndogo inapepesa kwenye kioo, inasubiri uandike mwanamume afanye nini. Unaandika kitendo kimoja, aya moja au mbili zinakujibu, na mchezo umekwisha. Unaanza tena palepale, rafu zilezile, unaandika kitu kingine.

Hii ni Aisle, kazi ya Sam Barlow ya mwaka 1999, na sijaona njia fupi zaidi ya kumweleza mtu hadithi shirikishi ni nini. Ukiandika achukue njoki, anakumbuka Roma na mwanamke aitwaye Clare. Ukiandika amsemeshe yule mwanamke wa dukani, unapata maisha mengine, pengine ya huzuni, pengine ya kutisha. Majibu yako zaidi ya mia, na mwandishi anakutahadharisha mapema kwamba si yote yanayomhusu mtu yuleyule. Kompyuta yenyewe haihifadhi chochote kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Anayehifadhi ni wewe. Baada ya mizunguko kadhaa, neno "Roma" likijitokeza unashtuka, kwa sababu unayajua mambo ambayo aya iliyo mbele yako haijayataja.

Hapo ndipo sanaa hii inapoachana na magemu mengine. Katika gemu la mpira au la vita, kati yako na mwisho kuna vidole vyako: ukichelewa kubonyeza, umefungwa au umekufa. Hadithi shirikishi haikukimbizi. Aya itakusubiri mpaka kesho kama hujaamua. Kinachopimwa ni jinsi unavyosoma na unachobeba kichwani unaposonga mbele, na mwandishi anakazana na swali ambalo mtunzi wa riwaya ya kawaida halijui kabisa: msomaji akishachagua, hadithi ionyesheje kwamba imesikia?

Jibu la haraka ni kuipasua njia kila anapochagua. Lakini fanya hesabu. Hadithi yenye chaguo kumi tu, kila moja likiwa na majibu mawili, inaishia kwenye miisho 1,024. Kila kipande kikiwa na maneno 200, mwandishi ameandika maneno zaidi ya laki nne, na msomaji wa mzunguko mmoja amesoma kama elfu mbili. Huo ni mzigo wa kumvunja mtu mgongo, tena matokeo yake huwa dhaifu, maana kila tawi linapata jasho kidogo. Wanaoanza kuandika wengi hukwamia hapa: sura ya kwanza ina njia sita nzuri, sura ya pili haipo.

Wenye uzoefu huiachia njia itawanyike kidogo, kisha huirudisha pamoja, na katikati huweka kumbukumbu. Tazama mfano huu mdogo nilioutunga kwa Ren'Py, programu ya bure ya kutengenezea riwaya za picha zinazochezwa, ambayo Tom Rothamel aliianzisha mwaka 2004:

```
default alificha = False

label start:
    "Mama" "Hiyo barua imetoka wapi?"
    menu:
        "Mpe barua":
            "Mama" "Mwandiko wa baba yako huu."
        "Itie mfukoni":
            $ alificha = True
            "Mama" "Haya. Nawa mikono tule."
    jump chakula

label chakula:
    if alificha:
        "Mama" "Mbona mkono mmoja uko chini ya meza?"
    else:
        "Mama" "Isome tena ile sehemu ya mwisho."
    return
```

Mstari wa kwanza unaweka kumbukumbu moja iitwayo `alificha`, nayo inaanza ikiwa `False`, yaani hapana. Msomaji akitia barua mfukoni, inageuka `True`, yaani ndiyo. Kisha njia zote mbili zinaruka hadi `chakula`: meza moja, wali mmoja, mama yuleyule. Mandhari yameandikwa mara moja, kilichobadilika ni sentensi ya mama. Lakini msomaji aliyeficha barua akiulizwa habari za mkono ulio chini ya meza, anahisi ametazamwa. Kumbukumbu hiyohiyo inaweza kukaa kimya kwa sura tatu, ikaibuka baba mwenyewe anapobisha hodi. Kadiri inavyochelewa bila kusahaulika ndivyo inavyouma, na hapo mwandishi mwenye mkono hujulikana.

Kazi ikiharibika, huharibikia hapohapo pia. Mwandishi akisahau kuuliza `alificha` mahali fulani, mama atamlaumu mtoto aliyempa barua mkononi kwamba ameificha, na msomaji hatamwamini mwandishi tena. Kumbukumbu tatu za ndiyo na hapana zinazaa hali nane, kumi zinazaa zaidi ya elfu moja, kwa hiyo huwezi kuzipitia zote kwa macho. Mazoea mazuri ni kuchukua kila tukio la mkutano, kama ile meza, na kuuliza: ni kumbukumbu zipi zinazoweza kuikanusha sentensi hii? Mara nyingi ni moja au mbili, na hizo ndizo za kujaribiwa.

Kosa jingine ni la maneno ya chaguo lenyewe. Msomaji anabonyeza "Mjibu", akidhani atajibu kwa upole, mhusika anatoa tusi. Chaguo ni ahadi ndogo. Mwandishi anaweza kuficha matokeo, na aghalabu anapaswa, lakini nia ya anayechagua isipotoshwe.

Kwa ukubwa wa kazi iliyojengwa kwa kutawanya njia na kuzikusanya sijui mfano mzuri kuliko 80 Days, iliyotolewa na studio ya Inkle ya Uingereza mwaka 2014, sehemu kubwa ikiwa imeandikwa na Meg Jayanth. Wewe ni Passepartout, mtumishi wa Phileas Fogg, unapanga safari ya kuizunguka dunia kwa siku themanini. Miji ni mingi mno kuimaliza katika safari moja, na njia zinakutana na kuachana kila mara. Neno ulilomwambia abiria mmoja linaweza kukufungulia mlango mji wa mbele, au kukufungia. Kwa kuwa umeacha nyuma miji mingi ambayo hukuiona, unaimaliza safari ukijua kwamba dunia ile ina mambo yake hata usipokuwapo. Lugha ya msimbo waliyoibuni kwa kazi hizo, Ink, waliiweka wazi bure mwaka 2016, na ina alama maalumu ya kuzikusanya njia zilizotawanyika. Kwa waandishi wale kukusanya ni jambo la kila aya, hivyo limepewa kistari kimoja tu.

Kuhusu chimbuko la sanaa hii, hadithi za maandishi matupu zina asili yake Marekani, katika Adventure, ambayo Will Crowther aliianza katikati ya miaka ya 1970 na Don Woods akaipanua mwaka 1977. Zile zenye picha ni mti wa Japani. Mwaka 1983 Yuji Horii, ambaye baadaye alibuni Dragon Quest, alitoa hadithi ya upelelezi ya Portopia, na mwaka 1992 kampuni ya Chunsoft ikatoa Otogirisō, ambamo maneno yalijaa kioo kizima juu ya picha huku sauti zikikutisha. Kutoka huko kukakua umbo tunaloliona leo: mandhari nyuma, mhusika amesimama mbele, kisanduku cha maneno chini.

Umbo hilo linaonekana rahisi mpaka ulitazame kwa utulivu. Kisanduku kinabeba mistari michache tu, na kila ukibonyeza unaleta sentensi inayofuata. Mbonyezo ndio pumzi ya simulizi, na mwandishi ndiye anayeamua uvute pumzi wapi. Sura ya mhusika nayo hubadilishwa kwa amri moja, kwa mfano `show mama huzuni`. Amri hiyo ikitangulia sentensi "Sina neno, nenda tu", uso umekwisha kumsaliti mama kabla hajafungua mdomo, na unayasoma maneno yake ukijua si ya kweli. Ukiiweka baada ya sentensi, unamwamini kwanza, kisha uso unakusahihisha. Maneno hayajaguswa, ni mstari mmoja uliohamishwa.

Wajapani pia waligundua namna ya kuitumia kumbukumbu ya msomaji, ileile ya Aisle, kwenye hadithi ndefu. Katika Nine Hours, Nine Persons, Nine Doors ya Kotaro Uchikoshi, ya mwaka 2009, watu tisa wamefungiwa melini na wana saa tisa za kutoka. Utafika kwenye miisho mibaya, na ni lazima ufike, kwa sababu unachokijua kwenye njia moja kinahitajika kwenye nyingine, na mwisho wa kweli haufunguki mpaka uwe umepita mwisho mwingine maalumu. Ili usichoke, gemu linakuruhusu kupita mbio maneno uliyokwisha kuyasoma. Sitasema zaidi, maana kuambiwa siri yake ni kunyang'anywa gemu lenyewe.

Kwa anayeanza, ningesema aanze na Aisle ili aonje, inapatikana bure na inataka Kiingereza chepesi cha kuandika. Kisha 80 Days, ambayo inachezeka kwenye simu na haikudai uandike chochote. Aliyezoea magemu na anaogopa kusoma tu aende kwa Phoenix Wright ya Shu Takumi, iliyoanza mwaka 2001: wewe ni wakili, shahidi anasema uongo, na lazima uchague ushahidi unaoupiga uongo huo palepale ulipo. Anayependa masimulizi ya vijana na mazungumzo ya kuchekesha atafute Butterfly Soup ya Brianna Lei, ya mwaka 2017, nayo ni ya bure. Doki Doki Literature Club, ya mwaka huohuo, imetengenezwa kwa Ren'Py na ina sifa kubwa, lakini inagusa kujiua na kujidhuru waziwazi, na onyo linalowekwa mwanzoni lichukuliwe kwa uzito. Isiwe ya kwanza, wala isipewe mtoto.

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili hana haja ya kungoja. Ren'Py inakubali herufi zetu zote bila kubadilishwa kitu, na inaweza kutoa kazi ya simu za Android. Kama picha zinamshinda kuna Twine ya Chris Klimas, ya mwaka 2009, inayofanya kazi ndani ya kivinjari: kila kipande ni kisanduku, unaviunga kwa mishale, na mwishowe unapata faili moja ya HTML ambayo rafiki unayemtumia anaifungua kwenye kivinjari chake. Anza na matukio matano na kumbukumbu moja. Mkabidhi mtu acheze ukiwa umekaa kando yake kimya, na utazame pale anaposita kabla ya kubonyeza, kisha pale anapobonyeza bila kusoma. Pa pili ndipo pa kuandikwa upya.