Gazeti la Jana Ndani ya Kiatu

Masika yakishika Dar es Salaam, utaviona viatu vya ngozi vimeanikwa kila mahali: kwenye ngazi, juu ya ukuta, dirishani, vimeelekezwa kwenye jua lililochomoza baada ya mvua ya asubuhi. Mwenyewe ana haraka, maana kesho anavihitaji kazini. Jioni anaviokota vimekauka, anavipaka kiwi, vinang'aa, naye anaamini kazi imekwisha. Wiki mbili tatu baadaye, pale vidole vinapokunjia kiatu panatokea ufa mwembamba. Pua imeinuka, kisigino kinambana. Lawama zote zinamwendea aliyemuuzia. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Kiatu kiliharibika siku ile ya jua, na kingeokolewa na gazeti la jana.

Ngozi, hata baada ya kupita kiwandani, hubaki kuwa nyuzinyuzi zilizosokotana, na katikati yake mna mafuta yaliyotiwa ili nyuzi ziteleze kila kiatu kinapokunjwa. Maji yakiingia, nyuzi hulegea, na kiatu kilicholoa huwa tayari kufuata umbo lolote, kama unga uliokandwa. Umbo kitakalokaukia ndilo kitakalobaki nalo. Kikikauka kimebonyea, mbonyeo huo unakuwa wake. Jua kali, jiko la mkaa au joto la nyuma ya friji huongeza dhara la pili. Uso wa ngozi hukauka na kujikaza wakati ndani kungali kubichi. Nyuzi hugandamana, ngozi husinyaa na kuwa ngumu, na pale inapokunjwa kila siku ndipo inapokatika. Joto hilohilo hulegeza gundi ya soli.

Haya yote huyafahamu vizuri mzee mmoja anayeshona viatu pembeni mwa mtaa mmoja wa Kariakoo, ingawa sijapata kumsikia akiyaeleza. Yeye hufanya tu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi lake nikisubiri soli yangu ishonwe, kijana mmoja akaja na viatu vyeusi vya soli ya ngozi, vimelowa mpaka ndani, matope yamejaa kwenye mshono.

“Shikamoo, babu. Navitaka kesho asubuhi.”

“Marahaba. Kesho utavaa vingine, mjukuu wangu. Hivi vimekunywa maji.”

Alivua kamba, akatoa soli ya ndani iliyokuwa imebandukabanduka, akaukunjua ulimi wa kiatu hadi mbele ili mdomo ubaki wazi. Matope aliyafuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Brashi hakuigusa, maana chembe za mchanga zikisuguliwa juu ya ngozi iliyolegea huikwaruza. Kisha akavigandamiza kwa kitambaa kikavu, bila kusugua, mpaka maji ya juu yakaisha.

Ndipo akavuta gazeti. Alichana karatasi vipande, akavifinyanga ovyo, vikabaki vyepesi na vyenye mianya. Kwanza alitia vidogo, akavisukuma kwa vidole viwili hadi mwisho wa pua. Vikafuata vikubwa vya tumboni, na kimoja cha mwisho nyuma, kwenye kisigino. Kila baada ya kipande alipitisha kiganja nje ya kiatu. Alikuwa akitafuta mahali ambapo mikunjo ya ngozi imelala lakini ngozi haijavutwa. Karatasi ikipungua, mikunjo inabaki. Ikizidi, kiatu kinatanuka na hakirudi tena. Na ikishindiliwa mpaka ikawa bonge gumu, hainyonyi vizuri, kwa sababu maji huipata kwa nje tu na hewa haina pa kupita. Alipomaliza akavilaza viatu ubavu, kivulini, mahali penye upepo. Soli ya ngozi ndiyo iliyokunywa maji mengi kuliko sehemu yoyote. Ukiisimamisha sakafuni, umeinyima hewa.

Hapa ndipo watu wengi hukoma, na hapa ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Baada ya kama saa moja mzee alivivuta vile viatu, akatoa karatasi zote. Zilikuwa laini, nzito, zinachanika zenyewe mkononi. Akazitupa, akajaza nyingine kavu kwa utaratibu uleule. Baada ya saa mbili tatu akarudia. Jioni karatasi zilitoka na unyevu mdogo tu, akatia za kulala nazo. Gazeti halikaushi kiatu kwa kuwemo ndani yake. Hukausha kwa kuingia likiwa kavu na kutoka likiwa limeloa. Likishashiba maji na kuachwa humo, linageuka kuwa kitu kinachohifadhi unyevu, na katika joto la pwani halichukui siku nyingi kuleta ukungu: madoa ya kijani au meupe kwenye bitana, na ile harufu ya stoo iliyofungwa ambayo kiwi haiifichi. Nimeona viatu vizuri vilivyooza hivyo, na mwenyewe akiapa kwamba alivijaza karatasi. Alivijaza kweli, ila hakurudi.

Kujua kama kiatu kimekauka kuna kipimo chake. Kesho yake nilimkuta mzee akiingiza mkono kiatuni na kuuegemeza mgongo wa mkono, si kiganja, kwenye ngozi ya ndani. Palipokuwa na ubaridi kuliko hewa ya nje, maji yalikuwa bado yanatoka, kwa sababu maji yanayogeuka mvuke huchukua joto la mahali yalipo. “Huku puani bado,” alisema, akatia karatasi puani tu. Katika kiangazi cha Dodoma siku moja na usiku wake zinaweza kutosha. Katika masika ya pwani, hewa yenyewe ikiwa imejaa maji, soli ya ngozi huomba siku mbili, pengine tatu. Kisha hufuata mafuta kidogo ya ngozi, yapakwe kwa kitambaa, kurudisha yale yaliyoondoka na maji, na kiwi ije mwisho kabisa. Anayepaka kiwi kabla ya hapo anaufungia unyevu ndani.

Nyumbani kwetu gazeti lilikuwa na safari ndefu. Baba, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma Uhuru kuanzia ukurasa wa mbele hadi matokeo ya mpira, kisha likapita kwa mama na kwa jirani. Liliporudi, kurasa safi zilifunika madaftari yetu, na zilizobaki ziliwekwa chini ya kitanda kwa ajili ya viatu. Alikuwa na jozi moja nzuri, ya kahawia, na hakuwahi kuivua bila kuijaza. Hata siku isiyo na tone la mvua alifanya hivyo, na nikiwa mtoto niliona ni mazoea tu. Sababu ilikuwa mguu wenyewe. Mguu unaotembea kutwa hutoa jasho, ngozi na bitana hulinywa, na kiatu kinachovuliwa jioni kimelowa kiasi ingawa macho hayaoni. Ndiyo maana baba alikijaza kingali na joto la mguu, wakati ngozi bado inatii na mikunjo ya siku haijakaza. Viatu vya soli ya ngozi hupaswa kupumzika kutwa nzima kabla ya kuvaliwa tena. Kwa kuwa hakuwa na jozi nyingine nzuri, siku jozi hiyo ilipopumzika alivaa makubadhi.

Alikuwa pia mwangalifu wa karatasi. Jarida linalong'aa hakulitumia, maana karatasi yake imepakwa utando na hainywi maji. Kiatu chenye bitana nyeupe alikijaza karatasi isiyochapishwa, kwa kuwa wino wa gazeti ukiloa huhamia kwenye bitana, na kutoka bitana hadi soksi. Ni mambo madogo, lakini ile jozi ya kahawia ilibadilishwa soli mara kadhaa, na juu haikupasuka.

Wenye uwezo walitumia kalibu za mti, zile zenye umbo la mguu, pua yake imekatwa katikati na kutiwa chuma cha kuisukuma, zikijitanua ndani ya kiatu kwa springi au parafujo. Zinazosifiwa zaidi duniani hutengenezwa kwa mti mwekundu wa Amerika ya Kaskazini unaonukia, ambao ni ndugu wa karibu wa mtarakwa wetu unaoota Usambara na katika milima ya Kenya, mti uliowahi kuchongwa penseli kwa wingi. Kalibu nzuri haipakwi vanishi, kwa sababu vanishi huziba vinyweleo vya mti na kuufanya usinywe jasho. Nayo ina mipaka yake. Kiatu kilicholowa hakianzi na kalibu, kwa kuwa mti hunywa polepole, hubana hewa, na chuma chake huweza kuitanua ngozi iliyolegea. Karatasi hutangulia, ikitoka karibu kavu ndipo kalibu iingie kushika umbo. Na kalibu yenye kitufe kidogo nyuma, ikiachwa humo kwa muda mrefu, huchomoza alama kwenye kisigino. Inayofaa ni ile yenye kisigino kipana, inayojaza kiatu bila kukivuta.

Leo magazeti yamepungua majumbani kwa sababu habari tunazisoma kwenye simu. Lakini karatasi bado ipo. Wauza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini wanalijua jambo hili vyema. Viatu vinawafikia vimebanwa bapa ndani ya mafurushi, wao huviosha, huvijaza karatasi mpaka pua zinyanyuke, na mteja huvikuta vimesimama na umbo lake. Anatoa karatasi ili ajaribu, ananunua, na karatasi anaiacha palepale mezani kwa muuzaji. Hajui kwamba ameacha nusu ya alichokilipia.

Kilichopungua, basi, si kifaa. Viatu vya plastiki tunavyovaa wengi havinywi maji wala havidai chochote, vikichanika vinatupwa, na mtoto anayekulia humo hana pa kujifunzia kwamba kuna kitu kinachohitaji kutazamwa tena baada ya kuwekwa. Kujaza karatasi kunaweza kufanywa na yeyote kwa dakika mbili. Kazi ngumu ni ile ya mtu anayerudi saa moja baadaye kuitoa iliyoloa, akarudi tena kabla ya kulala, akaamka asubuhi na kuutia mgongo wa mkono ndani kabla hajanywa chai. Kiatu cha ngozi hudumu kwa mtu huyo tu, na nyumba zenye mtu wa namna hiyo zinazidi kuwa chache.